Kifo cha Mkwawa Jukwaani: Mhadhara kwa Walimu wa Sanaa za Maonesho, Iringa

Walimu wenzangu wa Iringa, nanyi mliotoka Mbeya na Njombe,

Historia ya Mkwawa sina haja ya kuwasimulia, kwa maana wengi wenu mmeiigiza tangu mkiwa wanafunzi. Jambo langu ni lile lile ambalo baadhi yenu mmelisikia hadi mmelichoka: onesho la mwisho, la Julai 1898, tunaloliandaa kwa ufundi kuliko mengine yote, na ambalo kwa maoni yangu ndilo tunaloliharibu zaidi.

Katika shule moja, ambayo sitaitaja, mhusika alipanda juu ya meza zilizofunikwa kaniki ili zionekane mwamba, akatoa hotuba ndefu kuliko zote za mchezo, ngoma zikapanda, akajiua mbele ya macho yetu kwa vitendo vyote na kuanguka taratibu, wasichana wakamfunika shuka jeupe huku wakiimba wimbo wa sifa, na bwalo zima likalipuka kwa makofi na vigelegele. Wakati wa chai niliwakuta watoto wa kidato cha kwanza kando ya bomba la maji wakipokezana kuanguka kama yeye, na aliyeanguka vizuri akishangiliwa. Sasa mfikirieni mwanafunzi aliyeketi nyuma, ambaye kwa majuma kadhaa amekuwa akiwaza kufa bila kumwambia mtu. Ameoneshwa kwamba anayejiua husikilizwa hatimaye, humkomoa adui yake, na huimbiwa.

Mtaniambia kwamba historia ni historia, na kwamba Mkwawa alijiua kweli ili asikamatwe na Wajerumani. Nani amesema mfiche? Kusema kwamba jambo lilitokea ni kitu kimoja, na kuonesha hatua kwa hatua lilivyotendwa ni kitu kingine. Wengine husema igizo haliui mtu. Ni kweli kwamba mtu hajiui kwa sababu moja tu. Lakini mjini Vienna, Austria, magazeti yalipokubali mwaka 1987 kuacha kuandika kwa mbwembwe na kwa undani habari za watu waliojiua kwenye reli ya chini ya ardhi, vifo hivyo vilipungua sana. Kama namna ya kusimulia ina uzito kwa msomaji mtu mzima, mtoto wa miaka kumi na minne tumwonee ugumu gani?

Basi tulitengeneze onesho lenyewe. Ondoeni mwamba, hotuba na silaha. Jukwaani wawepo wale waliomlisha na kumficha tangu Kalenga ilipoanguka mwaka 1894, wakibishana: mzee mmoja anataka watume ujumbe wa kumsihi asikate tamaa, mwingine anaogopa msako. Mjumbe anaingia, anasema, "Mtwa amejiua," na hatoi maelezo ya namna. Ngoma zisilie, taa zisibadilike, pasiwe na wimbo. Kisha mchezo uendelee, na hapa ndipo watunzi wengi huona aibu, kana kwamba hakuna kilichobaki cha kuigiza. Kimebaki kingi: wanaouliza kama wangeweza kufika mapema, mke anayekasirika badala ya kulia kwa madaha, kichwa kinachochukuliwa na kurudishwa Kalenga mwaka 1954. Makofi yahamishiwe Lugalo, 1891, ambako Wahehe waliwashinda Wajerumani wakiwa hai na wakishirikiana. Msimpe mhusika yeyote kauli ya kwamba kifo kilikuwa njia pekee, wala msikiite ushindi. Mzee yule abaki na swali lake, tena bila kujibiwa.

Mwigizaji naye msimsahau. Sehemu hiyo asipewe mwanafunzi mwenye msiba au mnayemshuku ana huzuni nzito, hata kama sauti yake ndiyo nzuri kuliko zote. Baada ya kila zoezi avue maleba, aitwe kwa jina lake mwenyewe, na mzungumze habari za kawaida kabla hajarudi bwenini. Kabla ya mchezo kuanza, mshereheshaji aseme wazi kwamba kuna habari ya kujiua na kwamba anayetaka kutoka aruhusiwe bila kuulizwa. Mwalimu wa malezi akae mahali panapojulikana mpaka jioni, na namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, itangazwe. Mwanafunzi akija kusema anawaza kufa, aulizwe waziwazi, asiachwe peke yake, na asihubiriwe.

Nilikusudia kuzungumzia pia vipigo, lakini naona mwenyekiti ananionesha saa. Kwa kifupi, rangi nyekundu mliyonunua kwa ajili ya damu haihitajiki: kofi lipigwe nyuma ya pazia, nasi tubaki tukimtazama aliyepigwa anavyojaribu kufunga kifungo cha shati kwa mikono inayotetemeka. Kuhusu ubakaji sitapokea hoja yoyote. Hauigizwi mbele ya wanafunzi, hata kwa kivuli. Swali la kwanza nadhani ni la mwalimu wa Tukuyu, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja makofi.