Anataga mayai halafu ananyonyesha: jibu langu kuhusu ekidna na kinyamadege

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo sina matembezi wala sionyeshi maduka. Nimekaa kwa sababu kila nikiweka video ya huku Australia, chini linakuja swali lile lile: "Huyo mnyama wenu anataga mayai, sasa anakuwaje mamalia?" Na nikijibu kwa ufupi naambiwa naringa, kwamba mtu akishafika ughaibuni anajifanya profesa. Siringi. Swali ni zuri na linastahili jibu kamili, basi nisikilizeni mpaka mwisho.

Kabla ya hapo, nimalize la pesa, maana wapo wanaouliza bei. Hakuna bei. Kinyamadege, yule mwenye mdomo kama wa bata, au platipasi kama wengi mnavyomwita, analindwa na sheria na haruhusiwi kufugwa nyumbani. Hata mtafiti wa chuo kikuu hamgusi kabla ya kupata kibali cha jimbo na idhini ya kamati ya maadili ya wanyama, na makaratasi hayo hayaishi. Nje ya Australia wanaonyeshwa San Diego, Marekani, peke yake, tangu 2019. Kwa hiyo wanaonidai nimshike mbele ya kamera, mniwie radhi. Dume ana mwiba wenye sumu kwenye mguu wa nyuma, na maumivu yake hayatulizwi hata na dawa kali. Na ile picha ya "kitoto cha platipasi" cheupe chenye mdomo mzuri mnayonitumia kila wiki ni sanamu. Mtoto halisi akitoka kwenye yai hana manyoya, macho yamefumba, na huo mdomo wa bata bado haujawa mdomo.

Sasa tuje kwenye yai lenyewe. Nitamtumia ekidna, yule mwenye miiba anayekula mchwa na sisimizi, kwa sababu kwake mambo yanaonekana waziwazi. Wanapandana majira ya baridi ya huku, kama Julai na Agosti. Kiini kinachotoka kwenye ovari ni kidogo, kipenyo chake kama milimita 4. Yai la kuku hubeba chakula chote cha kifaranga ndani yake tangu mwanzo. La ekidna sivyo. Likiwa tumboni kwa wiki kama tatu, linafyonza majimaji ya mji wa mimba kupitia ganda lake na kukua mpaka kufikia karibu milimita 15, kama zabibu. Yaani kabla halijatagwa, mama ameshaanza kulilisha. Ganda nalo si la chokaa, ni laini kama ngozi.

Mama analitaga moja kwa moja kwenye mfuko wa tumboni, na mfuko huo hujitokeza msimu wa kuzaa tu. Siku kama kumi baadaye mtoto anapasua ganda kwa jino dogo la kupasulia yai. Ana uzito usiofika hata nusu gramu. Kifaranga cha kuku hukaa kwenye yai siku 21 na hutoka akitembea. Huyu ametoka kwa sababu chakula cha yai kimeisha, na viungo vyake vingi havijakamilika. Bila maziwa hawezi kuishi.

Na maziwa yenyewe hayatoki kwenye chuchu, maana mama hana. Ana sehemu mbili za ngozi zenye vitundu vingi, maziwa yanachuruzika hapo na mtoto anayafyonza kwenye ngozi. Hapo kuna hatari ambayo watu hawaifikirii: maziwa yakikaa juu ya ngozi yanakutana na vijidudu. Wanyama hawa wana protini yao maalumu kwenye maziwa, haipatikani kwa mamalia wengine, na inaua bakteria. Baada ya siku kama hamsini miiba inaanza kuota, mama anamtoa mfukoni na kumficha shimoni, kisha anarudi kumnyonyesha kila baada ya siku kadhaa tu.

Nasimama hapa kidogo, maana kuna jambo linaniumiza. Watu wanaokota kitoto cha ekidna kimekaa peke yake, wanadhani kimetelekezwa, wanakinywesha maziwa ya ng'ombe kila saa chache. Maziwa ya ng'ombe yamejaa laktosi, yaani sukari ya maziwa, na ya ekidna yana kidogo sana, kwa hiyo kitoto kinaharisha na kinaweza kufa. Walezi wenye leseni hutumia maziwa maalumu. Nyie mlioko huku, kila jimbo lina sheria yake na siwezi kumwamulia mtu, ila mimi nisingechimbua shimo wala kukihamisha. Ningewapigia waokoaji wa wanyamapori.

Turudi kwenye asili. Ukoo wa wanyama hawa uliachana na ukoo wetu zamani sana. Kwa hesabu ya jenomu zao, yaani DNA yao nzima, zilizochapishwa 2021, ni miaka kama milioni 187 iliyopita. Swali la msingi ni hili: kipi kilianza, maziwa au kuacha mayai? Jibu limehifadhiwa kwenye jeni. Protini ya kujaza kiini cha yai inaitwa vitelojenini. Kuku ana jeni tatu zake zinazofanya kazi. Kinyamadege amebakiwa na moja. Binadamu hana hata moja inayofanya kazi, lakini mabaki yaliyoharibika bado yamo kwenye DNA yetu, pale pale yalipo kwa kuku. Utafiti uliogundua hayo ulitoka 2008. Upande wa pili, jeni za kaseini, protini kuu ya maziwa, wanazo wao na tunazo sisi. Maana yake babu yetu wa pamoja alikuwa anataga na huku ana maziwa. Maziwa yalitangulia, yakapunguza haja ya kiini, na jeni za kiini zikaharibika moja baada ya nyingine bila mtoto kudhurika.

Mama mjamzito akipiga ultrasaundi mapema, wiki ya tano au ya sita, huonyeshwa kifuko kidogo cha mviringo pembeni ya kiinitete. Hicho ni kifuko cha kiini. Sisi bado tunakitengeneza, ila kiini hakimo.

Mtaniuliza maziwa yalianzaje. Mtafiti Olav Oftedal anapendekeza kwamba yalianza kama majimaji ya ngozi ya kulowesha mayai, kwa sababu ganda laini hukauka upesi. Hiyo ni nadharia, majimaji hayaachi visukuku. Lakini inaoana na ngozi ya ekidna isiyo na chuchu.

Kosa ninaloliona sana kwenye maoni yenu ni kumwita kinyamadege babu yetu. Si babu, ni binamu, na ukoo wake umebadilika kwa muda ule ule tuliobadilika sisi. Mdomo unaohisi umeme wa misuli ya mawindo ndani ya maji ni wa kwao wenyewe. Kukosa meno pia. Kinyamadege mchanga bado huota meno kisha yanaanguka, na 1985 lilitangazwa taya la ndugu yao wa kale, Steropodon, kutoka machimbo ya Lightning Ridge, jimbo la New South Wales. Lina miaka kama milioni 100, limegeuka jiwe la opali, na magego matatu bado yamekaa mahali pake.