Mkojo wa Rangi ya Soda Nyeusi Baada ya Koo Kupona

Wazazi wenzangu na walimu, asanteni kwa kuja. Nitawasimulia habari ya mtoto mmoja, figo zake, na jagi la madafu.

Mtoto alikuwa wa kiume, miaka 7, wa huku kwetu pwani. Koo lilimuuma siku tatu, akapata homa, ikapita. Siku kama kumi na mbili baadaye akaamka macho yamevimba. Bibi yake akasema ni mbu. Ikifika jioni uvimbe unapungua, asubuhi unarudi. Siku ya tatu mtoto mwenyewe akamwita mama chooni: "Mama, nimekojoa soda."

Wengi hapa mngewaza kichocho, na kwa pwani yetu hilo ni wazo la busara. Lakini damu ya kichocho kwa kawaida ni nyekundu na hutoka zaidi mwisho wa mkojo, na haivimbishi uso. Ile ya mtoto huyu ilikuwa ya kahawia tangu tone la kwanza, kama chai ya rangi iliyokolea. Damu inayotoka juu kwenye figo hukaa ndani ya mkojo wenye asidi mpaka inabadilika rangi.

Imefikaje huko? Koo lilishambuliwa na bakteria aitwaye streptokoki. Mwili ukatengeneza kingamwili, nazo zikashikana na vipande vya bakteria. Mabaki hayo yakanasa kwenye vichujio vya figo, na kila figo ina takriban milioni moja. Vikavimba. Ndiyo maana kuna zile wiki moja hadi tatu za kimya kati ya koo na mkojo: kinga huchukua muda kujiandaa. Chanzo kikiwa vidonda vya usaha vya ngozi, kimya hicho hufika hata wiki sita, na mzazi ameshasahau kidonda chenyewe.

Sasa lile jagi. Bibi aliona figo zimechafuka, akaamua kuzisafisha: madafu asubuhi, madafu jioni, maji katikati. Kwa mapenzi kabisa, na mimi simlaumu. Ila kichujio kilichovimba hakipitishi maji wala chumvi vya kutosha. Kila unachomimina kinabaki ndani. Madafu yana potasiamu nyingi, na figo zisipoitoa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Usiku wa siku ya nne kichwa kikamuuma sana, akatapika, akasema haoni vizuri, kisha degedege. Bila homa. Alipofika wodini presha ilikuwa 150 kwa 100. Kwa umri wake, hata 120 kwa 80 ingetutia wasiwasi. Daftari la shule lilisema kilo 22 na mizani yetu ikasema 24.2. Hizo kilo mbili na zaidi ni lita mbili na zaidi za maji zilizokwama mwilini. Kijiti cha kupimia mkojo kilionyesha damu nyingi na protini kidogo.

Hapa ndipo wahudumu nao huteleza, maana mtoto mwenye degedege huwekewa dripu haraka. Huyu dripu ingemzidishia. Tulituliza degedege, tukashusha presha taratibu kwa dawa, tukampa furosemaidi ya kutoa maji. Chumvi ikapigwa marufuku. Kinywaji tulikipimia kwa kikombe: kiasi cha mkojo wa jana, ongeza kama mililita 350 zinazopotea kwa jasho na pumzi. Alikojoa mililita 200, basi siku ile alipata 550, maziwa na uji ndani yake. Alilia kiu, mama akalia naye.

Penisilini tulimpa pia, ya siku kumi, ili kumaliza bakteria waliobaki wasiwafikie wadogo zake. Figo zenyewe haiziponyi.

Siku ya sita mkojo ulifunguka, na siku ya tisa mizani ikasoma 21.8. Damu isiyoonekana kwa macho ilibaki kwenye kipimo kwa miezi mingi, na hilo ni la kawaida, linaweza kufika mwaka. Tulichofuatilia zaidi ni presha, na kipimo cha protini ya kinga iitwayo C3. Hushuka mwanzoni, kisha hurudi ndani ya wiki kama nane. Isiporudi, tunatafuta ugonjwa mwingine. Yake ilirudi.

Mama mmoja pale nyuma ameuliza kama kila koo linalouma lipimwe mkojo. Hapana, mama. Makoo mengi ni ya virusi na yanapita. Ila mtoto aliyetoka kuugua koo au vidonda vya ngozi, akiamka macho yamevimba, mwambie akojoe kwenye kopo jeupe ulione. Ukiona kahawia, mpeleke siku hiyohiyo, na uombe apimwe presha kwa mkanda wa mtoto. Ule wa mtu mzima humwonyesha mtoto presha ya chini kuliko aliyonayo.