Vidonge Vinne Vilivyobaki

Khamis: Assalamu alaykum wasikilizaji wetu. Mimi Khamis, na Bi Asha yupo hapa, aliyetoa dawa dirishani miaka mingi huku Unguja. Bi Asha, leo nakuletea kesi ya nyumbani. Bi mkubwa wangu yuko Wete. Wiki iliyopita jino lilimvimba, akaenda spitali akapewa metronidazoli.

Bi Asha: Ile wengi wanaiita flajili. Inaacha ladha ya chuma mdomoni, ndiyo maana watu huichoka mapema. Pole yake. Bahasha imeandikwaje?

Khamis: 2×3, halafu 5/7. Vidonge 30 vya miligramu 200. Ijumaa usiku baada ya Isha ananipigia: "Mwanangu, nimemaliza siku tano zangu. Vimebaki vinne, wamenizidishia."

Bi Asha: Hawakumzidishia. Viwili, mara tatu, kwa siku tano: sita kwa siku, mara tano, 30 kamili. Na ile 5/7 wengine huisoma "siku tano au saba". Siyo. Saba ya chini ni siku za wiki, ya juu ndiyo idadi ya siku. 7/7 ni siku saba. Ukiona 2/52 ni wiki mbili, maana mwaka una wiki 52. Sasa niambie, dozi ya kwanza kanywa lini?

Khamis: Jumatatu saa 8 mchana, alipotoka spitali na kula.

Bi Asha: Hapo ndipo hesabu inapoanzia. Siku ya dawa haianzi alfajiri, inaanzia kwenye kidonge cha kwanza. Jumatatu yake ilikuwa nusu tu. Alikosa dozi ya asubuhi, kwa hiyo dozi hiyo inakwenda mwisho, Jumamosi asubuhi.

Khamis: Yeye amehesabu vidole: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Tano.

Bi Asha: Wengi hufanya hivyo. Hesabu dozi, usihesabu majina ya siku. Dozi ni 15. Baina ya ya kwanza na ya mwisho mna nafasi 14, siyo 15, kama vile nguzo 15 za uzio zina nafasi 14. Kila nafasi masaa 8. 14 mara 8 ni 112, yaani siku 4 na masaa 16. Jumatatu saa 8 mchana ongeza siku 4, unafika Ijumaa saa 8 mchana. Ongeza masaa 16...

Khamis: Jumamosi saa 12 asubuhi.

Bi Asha: Ndiyo. Hiyo dozi ya 15.

Khamis: Lakini hiyo ni dozi moja, vidonge viwili. Yeye kabaki na vinne.

Bi Asha: Basi kuna dozi imeruka katikati. Nani alikuwa anamwandikia?

Khamis: Dada yangu. Alichora karatasi, kila siku vijumba vitatu: asubuhi, mchana, usiku. Nikamwambia anipigie picha. Kuanzia Jumatatu mchana vijumba vyote vina alama mpaka Ijumaa usiku, isipokuwa Jumatatu usiku. Kile kiko wazi, na mama anaapa kwamba usiku ule alikunywa.

Bi Asha: Mama ni mtu wa Pemba, wa zamani. Usiku ule aliuitaje?

Khamis: Subhanallah. Alimwambia dada, "usiku wa Jumanne nimekunywa."

Bi Asha: Kwa mama, jua likizama Jumatatu, usiku ule ni wa Jumanne. Ni kama usiku wa Ijumaa tunapokaa kusoma Yasini, huo ni Alhamisi baada ya Magharibi. Kasema kweli. Dada akaenda kutia alama kwenye kijumba cha Jumanne usiku. Jumanne yenyewe baada ya Isha, akatazama karatasi, kijumba kina alama, akaona mama keshakunywa.

Khamis: Ndivyo hasa. Dada amekumbuka kwamba usiku ule hakumpelekea maji. Kumbe dozi iliyorukwa ni ya Jumanne usiku.

Bi Asha: Ndiyo maana kwenye karatasi ya dawa usiandike "usiku wa". Andika "Jumatatu, baada ya Isha". Na kila jioni hesabu vidonge vilivyobaki, maana karatasi inaweza kukosea lakini bahasha haikosei. Jumatatu baada ya Isha alitakiwa abaki na 26. Jumanne 20. Dada angehesabu Jumanne kabla ya kulala angekuta 22, na kosa lingeonekana usiku uleule.

Khamis: Na angefanya nini?

Bi Asha: Akikumbuka mapema, masaa mawili matatu yamepita, anakunywa hapohapo. Wakati wa dozi inayofuata ukishakaribia, anaiacha ile, anakunywa hii kwa wakati wake. Kunywa vinne kwa pamoja kufidia, hapana. Na dawa nyengine zina masharti yake, kwa hiyo ni vizuri kumuuliza aliyekupa.

Khamis: Nilimpigia aliyempa. Alisema amalizie vyote vinne kwa nafasi ileile: viwili Jumamosi saa 12 asubuhi, viwili saa 8 mchana. Kwa hiyo dozi yake ya mwisho ilisogea masaa 8.

Bi Asha: Sawasawa. Na ukitaka kujua mwisho ukiwa katikati ya safari, huna haja ya kurudi mwanzo. Chukua dozi zilizobaki, toa moja, zidisha na masaa. Zake zilikuwa mbili, toa moja, inabaki moja, mara 8. Anzia kwenye dozi inayofuata, Jumamosi saa 12 asubuhi, ongeza 8.

Khamis: Saa 8 mchana. Inakubali. Lakini Bi Asha, haya masaa 8 na saa 8 huwachanganya watu.

Bi Asha: Sana. Mtu anaambiwa "kila baada ya masaa manane", anasikia "saa nane", anakunywa mara moja kwa siku, mchana. Mimi nilikuwa namwonyesha mtu saa ya ukutani. Kuongeza masaa 8 ni sawa na kurudisha mshale wa saa nyuma nafasi nne. 12, ukirudi nne, 8. Ukirudi nne, 4. Ukirudi nne, 12 tena. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Alfajiri ukishasali na ukapata chai, baada ya Adhuhuri na chakula, baada ya Isha. Ya mara mbili kwa siku ni rahisi zaidi, nambari ni ileile asubuhi na usiku.

Khamis: Sisi tulitegemea alamu ya simu. Mpwa wangu aliitega 8:00 kwa ajili ya dozi ya saa 8. Jumanne ikalia saa 2 asubuhi, mama keshakunywa saa 12. Bahati dada alikuwepo, akamzuia.

Bi Asha: Simu haijui saa zetu. Ya saa 24 inataka 06:00, 14:00 na 22:00. Itege mbele ya mgonjwa, kisha muulize, hii itakapolia jua litakuwa wapi? Akikwambia limeanza kuteremka, umeitega sawa.

Khamis: Jumamosi saa 8 mchana nilimpigia. Nilimsikia akifungua bahasha, halafu akasema, "Haya, tupu."

Bi Asha: Na jino?

Khamis: Uvimbe umeshuka. Jumatano anarudi kulitoa.