Pengo la malipo: mfasiri na mteja mpya wa ng'ambo

Ndugu wafasiri, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie mikataba, na najua wapo waliokuja wakitumaini kuondoka na fomu ya kujaza. Fomu mtazipata kwingine. Mimi nitaanza na swali. Mteja wako yuko Manchester. Kazi umeshampa, pauni 3,000 hajalipa, barua pepe hajibu. Mkataba unao, umetiwa saini na pande zote mbili. Utaufanyia nini?

Uingereza wana utaratibu wa mahakama wa madai madogo, usiozidi pauni 10,000, kwa hiyo dai lako lingeingia. Lakini uko Mombasa. Utalipia ada ya kufungua kesi, utafuatilia kwa miezi, na hukumu ukishaipata bado una kazi ya kuitekeleza. Kwa pauni 3,000 wengi wetu tutalalama kidogo, kisha tutafute kazi nyingine. Hapo ndipo msimamo wangu unapotoka: kwa kazi za ukubwa huu, makubaliano ya maandishi yanakulinda kabla ugomvi haujaanza, kwa kupanga nani anatoa nini kwanza. Kipimo changu ni kimoja. Siku yoyote ya kazi jiulize: nimeshampa kazi ya thamani gani, na mkononi nina fedha kiasi gani? Tofauti ya hayo mawili naiita pengo. Mteja akitoweka leo, hasara yako ni hilo pengo.

Tuchukue mfano tuufuate mpaka mwisho. Kitabu cha mafunzo ya wahudumu wa afya, maneno 60,000 ya Kiingereza kwenda Kiswahili, kwa peni 5 neno. Jumla pauni 3,000. Ukifasiri maneno 2,000 kwa siku, ni siku 30 za kazi, yaani wiki 6. Mteja anasema, "Nitalipa yote siku 30 baada ya kupokea kazi na ankara." Kwa mpango huo pengo lako siku ya kukabidhi ni pauni 3,000 kamili, na zaidi ya miezi miwili umeishi kwa fedha zako mwenyewe.

Sasa igawe kazi katika awamu 4 za maneno 15,000, kila awamu pauni 750, na uombe arbuni ya robo, yaani pauni 750. Wengi wanafika hapa wakaridhika, na hapa ndipo penye jambo ambalo watu hawaliulizi: hiyo arbuni inahesabiwa kuwa malipo ya awamu ipi?

Ikihesabiwa kuwa ya awamu ya kwanza, mambo huenda hivi. Unakabidhi awamu ya kwanza, imeshalipwa, hamdaiani. Unakabidhi ya pili, unatuma ankara ya pauni 750, mteja ananyamaza. Umeshapoteza 750. Arbuni ilikulinda wiki na nusu tu.

Ikihesabiwa kuwa ya awamu ya mwisho, hesabu inabadilika. Unakabidhi ya kwanza na kutuma ankara ya 750. Akinyamaza, una 750 yake mkononi na yeye ana kazi ya 750, pengo ni sifuri, unasimama hapo. Akilipa, una 1,500, unakabidhi ya pili, mko sawa tena. Hivyo hivyo hadi mwisho. Arbuni ni ileile, bei ni ileile. Kilichobadilika ni sentensi moja: "Malipo ya awali yatahesabiwa kuwa malipo ya awamu ya nne, na endapo mteja atavunja makubaliano, yatafidia awamu iliyokabidhiwa bila kulipwa."

Kuna upenyo mdogo. Ukisubiri malipo ya awamu ya kwanza huku ukiendelea kufasiri ya pili, siku 5 za kusubiri ni maneno 10,000, kazi ya pauni 500. Hujaikabidhi, lakini jasho limeshatoka. Ndiyo maana naandika kwamba ankara ya kila awamu inalipwa ndani ya siku 5 za kazi, kwamba ikipita hapo kazi inasimama, na kwamba tarehe ya mwisho inasogea kwa idadi ileile ya siku. Sehemu ya tarehe ndiyo inayosahaulika. Bila hiyo, mteja aliyechelewesha malipo kwa wiki 2 atakudai fidia kwa kuchelewesha kazi.

Haya yote hayahitaji hati ya kurasa 12. Barua pepe iliyoeleza masharti, na jibu lake lililosema wazi kwamba anakubali, ni ushahidi mzuri. Andika jina la kampuni kama lilivyosajiliwa pamoja na namba yake ya usajili. Kwa kampuni za Uingereza daftari la Companies House liko wazi kwa kila mtu na ni bure: utaona imesajiliwa lini, kama bado iko hai, na kama imechelewa kuwasilisha hesabu zake. Kampuni ya miezi 2 si lazima iwe ya matapeli, lakini hiyo naiomba arbuni kubwa zaidi. Andika pia kwamba maneno yanahesabiwa katika matini chanzi na kwamba gharama za benki ni juu ya anayelipa. Usipoandika hilo la mwisho, pauni 750 zinaweza kupita benki 2 au 3 njiani, kila moja ikakata chake.

Sentensi mbili ziko karibu sana na moyo wangu. Ya kwanza ni ya ukimya: "Mteja asipotoa maoni kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kukabidhiwa awamu, awamu hiyo imekubaliwa." Mteja mbaya mara nyingi hakatai kazi. Anasema mhakiki bado anaisoma, na mhakiki huyo anaweza kuisoma mpaka mwakani. Unganisha na hilo maelezo ya kosa. Neno lililoachwa, namba iliyokosewa, maana iliyopotoka, hayo utarekebisha bure. Mhakiki akipenda "zahanati" pale ulipoandika "kituo cha afya", na hakukuwa na orodha ya istilahi mliyokubaliana, hiyo ni ladha, na ladha ina bei yake kwa saa.

Ya pili inahusu haki, na hapa Wakenya nisikilizeni. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa inachukuliwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Kama makubaliano yenu yako chini ya sheria ya Kenya na hamkuandika kitu, mteja ana hoja kwamba tafsiri ni mali yake hata kabla hajakulipa. Andika: "Hakimiliki ya kila awamu itahamia kwa mteja siku malipo ya awamu hiyo yatakapopokelewa kikamilifu." Kitabu kikitokea mtandaoni kabla hujalipwa, sasa unalalamikia matumizi ya mali yako bila ruhusa, na unaweza kuiandikia tovuti iliyokipandisha ikiondoe. Barua ya namna hiyo huamsha watu waliokuwa wamelala.

Kuhusu sheria ya nchi gani itumike, wengi wanadhani ya nyumbani ndiyo bora daima. Kwa mteja wa Uingereza sing'ang'anii. Wao wana sheria ya mwaka 1998 ya kuchelewesha malipo ya biashara, inayompa muuzaji riba ya asilimia 8 juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu yao, pamoja na fidia ya pauni 40 kwa deni lisilofika pauni 1,000. Fedha si nyingi, lakini mhasibu wa Manchester anaijua sheria hiyo, na ankara iliyoitaja haiwekwi chini ya rundo.

Tuje kwenye eskro. Mteja anaweza kusema, na ana haki, kwamba kwa mpango wangu kabla ya awamu ya 4 ninashika fedha zote na yeye hana kazi yote. Eskro inaondoa hofu hiyo: fedha za awamu zinatoka mkononi mwake kabla hujaanza, zinakaa kwa mtu wa tatu, zinakufikia akishaikubali kazi. Mwaipata kwenye majukwaa kama Upwork, au kwa kampuni ya kazi hiyo kama Escrow.com, ambayo ina leseni ya jimbo la California.

Kwenye Upwork watu huumia kwa mambo mawili. Mkataba wa awamu 4 ukionekana kwenye skrini, haina maana kwamba awamu zote 4 zimewekewa fedha. Mara nyingi ni ya kwanza tu. Usiguse ya pili mpaka ukurasa wenyewe ukuonyeshe kwamba imejazwa. Pili, mteja ana siku 14 za kukagua, na asipojibu fedha zinaachiliwa zenyewe, lakini saa hiyo huanza kuhesabu pale unapowasilisha kazi kwa kitufe cha kuomba malipo. Ukituma faili kwa ujumbe wa kawaida, saa haijaanza, na unaweza kungoja mpaka uzeeke.

Mteja akikutumia kiungo cha eskro ambayo hujawahi kuisikia, kataa mapema. Eskro bandia ni biashara kamili: tovuti nzuri, barua pepe isemayo fedha zimeshawekwa, kisha ombi kwamba ulipe ada kidogo ili zifunguliwe. Eskro ya kweli hukata ada yake ndani ya muamala wenyewe. Chagua wewe, na anwani yake iandike kwa mkono wako badala ya kubonyeza kiungo. Ndugu yake utapeli huo ni hundi iliyozidi: arbuni ni pauni 750, anatuma hundi ya 2,750, anaomba umrudishie 2,000 kwa haraka. Benki inaweza kukuonyesha salio leo na kulifuta wiki kadhaa baadaye hundi ikirudi. Picha ya risiti ya uhamisho nayo si malipo. Omba namba ya ufuatiliaji ya SWIFT, ile ndefu ya alama 36, yaani herufi, tarakimu na vistari, iitwayo UETR, uipeleke benki yako iutafute muamala.

Nimalizie na mteja anayesema, "Sera ya kampuni yetu ni kulipa kwa siku 30, na hatutoi malipo ya awali." Wapo wakweli wanaosema hivyo, hasa mashirika makubwa. Rudini kwenye pengo. Kwa siku 30 za kalenda utakuwa umefanya kazi siku 22 hivi, maneno 44,000, pauni 2,200. Mimi humwambia nitaanza na maneno 4,000 tu, pauni 200, kwa ankara yake peke yake, na masharti yake ya siku 30 nayakubali. Awamu ya pili inaanza ankara hiyo ikilipwa. Mwenye haraka na kitabu chake huwa anagundua kwamba idara ya fedha inaweza kulipa baada ya siku 5. Asiye na nia ya kulipa amekugharimu siku 2 za kazi.