Imeili ya Jumatatu asubuhi: kumwambia meneja tarehe haitafika

Haya, habari zenu, asanteni kwa kuja Kisumu kwenye hili jua la saa nane, najua kuna wale wametoka Kakamega na wengine Nakuru na barabara mnaijua venye iko. Leo naongea juu ya imeili moja tu. Niliiandika Jumatatu tarehe 12 Mei 2025, ilikuwa inamweleza meneja wangu kwamba mfumo wa mikopo tuliokuwa tunatengenezea sacco moja ya huku Nyanza hautaisha Juni, na ushahidi niliokuwa nao ni chati, hii tunaita bandauni.

Wale hamjawahi kuitumia, bandauni ni kitu rahisi. Chini unaweka muda, pembeni unaweka kazi iliyobaki. Sisi tulikuwa tunafanya kazi kwa sprinti, yaani wiki mbili wiki mbili, na kila kazi timu inaipatia pointi kulingana na uzito wake, si masaa, uzito. Tulianza tarehe 3 Machi na pointi 240 na tulikuwa tumeahidi kumaliza kwa sprinti 8, Ijumaa tarehe 20 Juni. Kwa hivyo kuna mstari ulionyooka unashuka kutoka 240 hadi sifuri, huo ndio mpango, pointi 30 kila sprinti, halafu kuna mstari wa pili ambao ndio ukweli, unashuka kulingana na kazi iliyoisha. Na nikisema imeisha namaanisha imejaribiwa na inafanya kazi, ile iko nusu inahesabiwa sifuri, hapo hakuna huruma.

Mwisho wa sprinti ya 5 mstari wa mpango ulikuwa pointi 90. Mstari wetu ulikuwa 160.

Sasa hapo ndipo watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea kwanza, maanake imeili niliyoandika Ijumaa jioni ilikuwa inasema tu tuko nyuma kidogo lakini timu inajitahidi, angalia chati nimeambatanisha. Sikuituma, namshukuru Mungu, nilikaa nayo wikendi nikaona meneja wangu ataifungua kwa simu akiwa kwa mkutano, ataona mistari miwili imeachana, na hatajua aambie sacco nini. Ile chati inaonyesha pengo lakini haisemi pengo limetoka wapi, mstari ukikaa juu inaweza kuwa timu imekuwa polepole ama inaweza kuwa kazi imeongezwa, na kwa macho hayo mawili yanafanana kabisa, na dawa yake ni tofauti kabisa.

Kwa hivyo Jumapili nilifungua rekodi za kila sprinti nikatenganisha. Tulimaliza pointi 26, halafu 22, 25, 20, 22. Jumla 115, yaani wastani wa 23 kwa sprinti. Mpango ulisema by hapo tuwe tumemaliza 150, kwa hivyo upolepole wetu umekula 35. Halafu nikaangalia kazi mpya zilizoingia baada ya tarehe 3 Machi, nikapata mbili kubwa. Sacco waliomba menyu ya USSD juu wanachama wao wengi, wakulima wa mpunga kule Ahero na akina mama wa samaki, wana simu za kawaida, hiyo ni pointi 21. Na waliomba SMS ya kumjulisha mdhamini kila mkopo ukichukuliwa kwa jina lake, pointi 14. Jumla 35. Kumbe pengo la 70 limegawanyika katikati, nusu ni sisi na nusu ni kazi iliyoongezwa, na hizo USSD na SMS zote mbili ni kazi nzuri, hata mimi ningeziomba, lakini ziliingia kwa mdomo tu kwa mikutano na hakuna mtu aliyeuliza tarehe itakuwaje.

Kabla sijaandika tarehe mpya nilijiuliza kama chati yenyewe inasema ukweli, na hili nawaomba sana mlifanye. Tulikuwa na mtu mmoja tu wa kutesti, na nilipofungua bodi ya kazi zetu nikapata kazi za pointi 18 zimejaa kwa safu yake zinamngoja, developa wamemaliza upande wao, yeye hajafika. Mtu anaweza kusema basi hatuko nyuma hivyo, hizo 18 zimeisha karibu. Sawa, tuseme zote zipite kesho bila hitilafu hata moja, zinabaki 142, gawa kwa wastani wetu wa 23 na bado ni zaidi ya sprinti 6, yaani ya 7 lazima uianze. Na ile sprinti tuliyomaliza pointi 20 ilikuwa ya Pasaka, siku mbili za likizo, nikaitoa nikapiga hesabu tena, bado inafika 7. Ukiona jibu halisogei hata ukilisukuma huku na huku, hapo unaweza kulisimamia mbele ya mtu.

Hesabu yenyewe kwa Excel ni mstari mmoja, kazi iliyobaki gawa kwa wastani wa mwendo, yaani pointi tunazomaliza kwa sprinti, halafu unapanda juu kwa sababu sprinti haikatwi:

```
=ROUNDUP(160/23,0)
```

Inakupa 7. Sisi tulikuwa tumebakisha 3. Sprinti 7 kuanzia tarehe 12 Mei zinaisha 15 Agosti. Tukienda na mwendo wetu mbaya zaidi, ule wa 20, ni sprinti 8, 29 Agosti. Na mwendo wetu bora, 26, bado ni 7, kwa hivyo hakuna kipimo chochote ambacho timu hii ilishawahi kufikia kinachoturudisha Juni. Lakini kuna tarehe ya tatu ambayo watu husahau, na hiyo ndio ilinitia wasiwasi. Hizi mbili zinadhani hakuna kazi mpya itaingia tena. Kwa sprinti 5 tulikuwa tunaongezewa wastani wa pointi 7 kila sprinti, kwa hivyo tukimaliza 23 mstari unashuka 16 tu, na 160 kwa 16 ni sprinti 10, tarehe 26 Septemba.

Na ile sacco ilikuwa na sababu yao, shule zinafungua muhula wa tatu mwisho wa Agosti na hapo ndipo wazazi wanapanga laini kuomba mkopo wa karo. Mfumo ukifika Septemba umekosa msimu wenyewe.

Basi Jumatatu saa mbili kasoro nikaandika upya, nawasomea venye ilikuwa, nimetoa tu majina.

"Madam, habari ya asubuhi. Mfumo hautakuwa tayari wote tarehe 20 Juni. Kwa mwendo wetu wa sasa utaisha kati ya 15 na 29 Agosti, na kama tutaendelea kupokea kazi mpya kama tulivyofanya tangu Machi, utafika 26 Septemba. Tuko nyuma pointi 70. Nusu ni kwa sababu tunamaliza pointi 23 kwa sprinti na tulikisia 30, na sehemu kubwa ya hiyo ni foleni ya kutesti, kazi za pointi 18 zinamngoja mtu mmoja. Nusu nyingine ni USSD na SMS za wadhamini ambazo hazikuwa kwa mpango. Tukitaka kitu kiende hewani 20 Juni, kinachoweza kuisha ni pointi 60, nimehesabu kwa mwendo wetu wa chini ili tusiahidi tena kitu hatuna. Kuomba mkopo, kuidhinisha, na kulipa kwa M-Pesa jumla ni pointi 58. Ripoti, USSD, SMS na zilizobaki zingesubiri Agosti. Naomba uamuzi wako kabla ya mkutano na sacco Alhamisi, mambo mawili: tugawe hivyo ama tusogeze tarehe yote, na nani ataidhinisha kazi mpya kuanzia leo. Chati iko chini, mstari wa juu ni kazi yote ikiwa na zile zilizoongezwa, ili uone mahali ilipanda."

Hiyo sentensi ya mwisho niielezee kidogo. Bandauni ya kawaida ina mstari mmoja wa ukweli na kila kitu kimechanganywa humo ndani, kwa hivyo nilimchorea nyingine inayopanda, banapu, kazi iliyoisha inapanda kutoka sifuri na juu yake kuna mstari wa jumla ya kazi. Mstari wa jumla ulianza 240 ukaruka hadi 275, sehemu mbili, na kwa kila ngazi niliandika jina la kazi iliyoingia na tarehe. Mtu asiyejua kitu kuhusu pointi anaiona mara moja, lengo lilisogea tukiwa tunakimbia. Bandauni niliiacha pia kwa sababu ndio alikuwa amezoea.

Mtaona tarehe iko kwa sentensi ya pili na sikumwambia timu inajitahidi, si kwa kuwa hawakuwa wanajitahidi, walikuwa wanalala saa sita usiku wale vijana na inaniuma hadi leo, lakini hilo halimsaidii kuamua.

Alinipigia saa tatu na nusu. Swali lake la kwanza lilikuwa kama tukiongeza developa wawili tutarudi Juni. Nikamwambia hapana madam, kwa sababu foleni iko kwa kutesti, tukiongeza wa kuandika kodi foleni inarefuka tu, na wageni watachukua wiki kadhaa kufundishwa na hao hao tunaowategemea, kwa hivyo mwendo utashuka kwanza. Nikamwambia kama kuna pesa ya mtu mmoja, awe wa kutesti, na hata yeye nisingemhesabu kwa tarehe hadi nione sprinti mbili. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza ile 26 Septemba inazuiliwa aje, na hapo nikajua imeili imesomwa, nikamwambia kila ombi jipya liandikwe na likiingia lingine la uzito huo litoke, na asaini yeye.

Alhamisi alienda na chati mbili zimechapishwa. Wale wa sacco walikasirika kuhusu USSD, na wana haki, wanachama wao ndio watakaoihitaji, lakini walikubali mikopo na M-Pesa itangulie. Mtu wa kutesti alipatikana katikati ya sprinti ya 6. Tulimaliza 24, kisha 21, kisha 23, na zile 58 zilikuwa ndani, kwa hivyo tarehe 20 Juni mtu aliomba mkopo wa kwanza kwa mfumo. Yaliyobaki yaliisha 29 Agosti badala ya 15, kwa sababu mwezi wa Julai sacco waliomba pointi 12 za ripoti mpya, na safari hii kulikuwa na karatasi yenye saini ya meneja, tarehe ya zamani imekatwa na kalamu na mpya imeandikwa kando yake.