Dagaa wa kukaanga: kumzoeza mtoto kumjibu anayemtania skuli
(Mazungumzo na wazee wa wanafunzi, Wete, Pemba)

Assalamu alaykum, wazee wenzangu. Ahsanteni kwa kuja. Najua wapo walioacha karafuu uani na jicho moja liko kwenye mawingu, kwa hiyo sitawaweka sana. Nitakusimulieni habari ya mtoto mmoja tu, na kile tulichofanya na mama yake.

Mtoto huyu alikuwa darasa la nne, mwembamba, na baba yake anauza dagaa. Wenzake wakamwita Dagaa. Siku za mwanzo alilia. Baadaye akaanza kurusha ngumi, na aliyerusha ngumi ndiye aliyeonwa na mwalimu, kwa hiyo adhabu ikawa yake. Mama yake akanijia: "Mwalimu, nimwambie nini mwanangu?" Nikamjibu asimwambie kitu, acheze naye.

Kwani "wapuuze" keshaambiwa mara ngapi? Moyo ukishaanza kwenda mbio, mtoto hakumbuki nasaha. Mdomo wake unatoa kile ulichozoea kutoa, na mazoea hayaji kwa kuambiwa, yanakuja kwa kufanya. Ndiyo maana tunaigiza nyumbani, mahali ambapo kukosea hakuna gharama.

Mchezo huu una mlango wa kuingilia na wa kutokea, na mlango huo mnao tayari. Katika vitendawili mmoja husema "Kitendawili", mwenzake "Tega", na aliyeshindwa hutoa mji. Basi na hapa ni hivyo hivyo. Mama anasema "Kitendawili", mtoto akijibu "Tega" ndipo utani unaanza. Mtoto akihisi koo limemkaba, anataja mji wowote, "Chake!", na mchezo unakatika pale pale, bila ya kuulizwa kwa nini. Mlango huu msiusahau. Bila ya huo, mtoto atadhani mama naye kajiunga na wale wa skuli.

Usiku wa kwanza mtoto hachokozwi, anachokoza. Yeye awe mchokozi, mama awe Dagaa. Mzunguko wa kwanza mama anakasirika kwelikweli: "Nani dagaa? Umeniona mimi dagaa? Nitakusema kwa baba yako!" Mtoto yule alichangamka, wazee, mama yake akaniambia hakuwahi kumuona akicheka hivyo wiki nzima. Aliendelea mpaka akazuiwa. Mzunguko wa pili maneno ni yale yale, lakini mama amekaa, anachambua mchele, anainua macho mara moja na kusema, "Enhe, tena dagaa wa kukaanga. Unga uko wapi?" Kisha anarudi kwenye mchele wake. Mtoto alijaribu mara nne, akaishiwa. Hapo mama akauliza suali moja tu: "Wapi ulisikia raha zaidi?" Mtoto mwenyewe akasema, "Pale ulipokasirika." Hakuna mhadhara wangu unaoweza kumfundisha hilo. Kalionja mwenyewe: kinachomnogea mchokozi si neno dagaa, ni yale machozi.

Usiku wa pili mnabadilishana. Lakini msianzie kwenye kidonda. Anzeni na tusi la uongo mtupu, kwa mfano, "Wewe una nywele za kijani!" Mtoto halimuumi, kwa hiyo anapata nafasi ya kushughulikia mwili wake, na mwili ndio wenye kazi kubwa. Avute pumzi moja kabla ya kujibu. Mabega yashuke. Amtazame mwenzake mara moja, si kumkodolea. Sauti iwe ya chini, ile ya kuomba chumvi mezani. Jibu liwe fupi, halafu aendelee na alichokuwa akifanya: afunge mkoba, anywe maji, aondoke. Jibu zuri kwa sauti inayotetemeka halifai kitu, na jibu la kawaida kwa sauti tulivu linatosha kabisa. Neno lenyewe la dagaa lije siku ya tatu au ya nne, na liletwe kwa upole kwanza. Dakika tano kwa usiku zinatosha, tena baada ya kula, si mtoto anapotoka chuoni amechoka.

Sasa, jibu lenyewe. Hapa ndipo sisi wazee tunapoharibu, kwa sababu sisi ni watu wa vijembe. Kanga zetu tu zinagombana zenyewe kwenye kamba. Baba mmoja alimfunza mwanawe amjibu mwenzake, "Afadhali dagaa kuliko wewe usiyekuwa na baba." Hicho ni kisu, na kisu kinarudishiwa kisu. Jibu tunalolitaka halina makali kwa yule mwengine. Mtoto analipokea neno, analigeuza kidogo, analiweka chini. Jibu la yule kijana wetu alilitunga mwenyewe baada ya kukataa matatu ya mama yake: "Dagaa hashikiki kwa ndoana." Mimi lisingenijia. Ladha yake ni kwamba ni la kitoto na ni lake, maana jibu la mtu mzima mdomoni mwa mtoto watoto wenzake hulitambua kuwa kafundishwa, na huo ukawa utani mpya.

Kuna jambo la kumtayarisha mapema. Siku za mwanzo za kujibu kwa utulivu, uchokozi huwa unazidi badala ya kupungua. Mchokozi kazoea kupata machozi, leo hayapati, basi anapandisha sauti na kuita wenzake. Mtoto asiyejua hili atasema mbinu imeshindwa na atarudi kwenye ngumi. Kwa hiyo yule mama alimwita mwanawe Dagaa mara kumi mfululizo. Mara ya kwanza mtoto alitoa jibu lake, ya pili akasema "Ndiyo, dagaa," na baada ya hapo akawa anakuna kichwa tu na kufunga kamba za viatu. Skuli ilichukua kama wiki mbili. Mama alijua mambo yamegeuka siku mtoto alipomhadithia uchokozi wa mchana huku anacheka na mdomo umejaa wali.

Lakini mbinu hii ni ya maneno, na inaishia kwenye maneno. Akipigwa, akitishwa, akinyang'anywa pesa za urojo, akishikwa mwili, au akizungukwa na kundi kila siku, hapo hatumtaki awe mcheshi. Tunamtaka aondoke na amwambie mtu mzima, na hilo nalo liigizeni: amwendee mwalimu, aseme nani, wapi, na mara ngapi. Mtoto anayeumwa tumbo kila asubuhi ya skuli na kupona Jumamosi, huyo msimpe jibu la kuchekesha. Nendeni skuli.

Mzee mmoja pale nyuma ameniuliza kama huku si kumfunza mtoto unyonge. Nikamwomba aje mbele awe Dagaa, na kijana wake amchokoze. Mmeona wenyewe, mara ya tatu mzee keshasimama na bakora. Akacheka, akasema, "Kumbe kukaa kimya kuna kazi."

Na bibi hapa ameniuliza: mtoto akishazoea majibu haya, si atanijibu na mimi? Atakujibu, bibi, wiki ya kwanza hasa. Wekeni mpaka tangu siku ya kwanza: haya ni ya rika lake. Mkubwa akimtania, anatabasamu na kusema "Shikamoo", basi. Na hilo pia mchezeeni, bibi awe bibi, ajaribu kumchokoza mpaka acheke.