Chai Haimsumbui, Gilasi Inamsumbua

Habari za asubuhi. Nianze na mama mmoja, muuza nguo wa hapa Kondele, aliyekuja akaniambia ana mzio wa maziwa. Nikamwuliza, "Na chai unakunywa?" Akacheka. "Daktari, nikose chai niishi vipi?"

Jibu hilo lilinitosha kuanza kushuku kwamba si mzio, kwa kuwa mwenye mzio hata maziwa kidogo humdhuru; huenda ni tumbo tu kushindwa na sukari ya maziwa. Chai yake ni nusu maji, nusu maziwa. Kikombe cha mililita 250 kina takriban gramu 6 za laktosi, yaani sukari ya maziwa. Siku aliyoumwa alikuwa amekunywa gilasi mbili za maziwa matupu, nusu lita nzima, akiwa na njaa. Hizo ni gramu 24 hivi. Baada ya saa moja tumbo likajaa, likanguruma, akaharisha.

Laktosi haipiti ukuta wa utumbo ikiwa nzima. Kimeng'enya kiitwacho laktasi, kilicho kwenye utumbo mwembamba, huikata iwe glukosi na galaktosi. Kwa watu wengi duniani laktasi hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Sukari isiyokatwa huvuta maji hadi utumbo mpana, na bakteria wa huko huichachusha: ndiyo gesi, ndiyo kuharisha. Kuchemsha maziwa hakuiondoi. Wanaoendelea na laktasi ukubwani wana badiliko la kijeni. Mwaka 2007 watafiti walieleza mabadiliko ya aina hiyo miongoni mwa wafugaji wa Kenya na Tanzania, tofauti na lile la Wazungu.

Mama yule sikumnyima maziwa. Aliacha gilasi za maziwa matupu kwa wiki mbili, chai akaendelea nayo. Kisha akajaribu nusu kikombe cha maziwa pamoja na ugali, siku tatu, ndipo akaongeza kidogo kidogo. Chakula hupunguza mwendo wa maziwa tumboni, laktasi chache iliyopo ikapata nafasi. Kikombe kimoja kilimfaa, viwili vikamshinda. Maziwa lala huwa mepesi zaidi, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya laktosi. Na omena, akiila na mifupa yake, inampa kalsiamu bila maziwa.

Bibi mmoja hapo nyuma ananiuliza: mjukuu wake akionja uji wenye maziwa, midomo inavimba na vipele vinamtoka papo hapo, je, ampe ya mbuzi? La, nyanya, usimpe. Huo unafanana na mzio: kinga ya mwili inapigana na protini, hata kijiko kimoja kinatosha. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, na maziwa yaliyoondolewa laktosi yana protini zote. Huyo mtoto apimwe hospitalini, asijaribiwe nyumbani. Akianza kupumua kwa shida au kulegea, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Anahitaji sindano ya adrenalini.